Duka la Mtandaoni Linakaa Wapi?

Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam

Nimeombwa nizungumze juu ya ramani za simu na wateja wa jirani. Nitaanzia Tabata, kwa dada mmoja anayeuza vifaa vya watoto wachanga. Jina lake nalihifadhi, ila habari zake ameniruhusu nizitoe.

Dada huyu anauza kupitia Instagram na tovuti ndogo aliyotengenezewa na mpwa wake. Siku moja alinipigia simu kwa hasira. "Kaka," akaniambia, "mtu wa Mwanza ananiagizia beseni la kumwogeshea mtoto, nampakilia kwenye basi linafika. Jirani yangu wa nyumba ya nne mkewe amejifungua juzi, na yeye kapanda daladala mpaka Kariakoo kununua beseni hilohilo. Hivi mimi sionekani?"

Nikamwambia ukweli: huonekani. Yule jirani alikuwa ameshika simu, akaandika "vifaa vya watoto wachanga", na Google ikamwekea ramani yenye maduka matatu chini yake. Duka la dada halikuwamo. Wafuasi wake maelfu wa Instagram hawakumsaidia kitu, kwa sababu Instagram inajua nani anakufuata, wala haina habari kwamba mtu mwenye shida yuko hatua mia moja kutoka mlangoni kwako. Kazi hiyo ni ya ramani. Na ramani, kabla haijakuweka, inataka kujua jambo moja: mteja atakutana na nani, wapi, na saa ngapi?

Hapo ndipo wauzaji wengi wa mtandaoni wanapokwama. Wasifu wa biashara kwenye Google ni bure. Ulianza mwaka 2014 kwa jina la Google My Business, na tangu mwishoni mwa 2021 unaitwa Google Business Profile. Lakini bure si sawa na holela. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba biashara ikutane na wateja wake uso kwa uso katika saa ilizotangaza. Duka linalouza mtandaoni tu, likafunga mzigo, likamkabidhi msafirishaji na mambo yakaishia hapo, halina haki ya kuwa na wasifu. Halikuonewa. Ramani ni orodha ya mahali watu wanapokutana, na duka hilo halikutani na mtu.

Kwa hiyo kabla hujagusa simu, jiulize uko upande gani. Kuna muuzaji ambaye mteja anamjia: ana fremu, au ana chumba cha mbele cha nyumba chenye kibao na mtu wa kuhudumia. Huyu anaonyesha anwani yake. Kuna ambaye anamfuata mteja: yeye au kijana wake anapeleka bidhaa mlangoni, lakini nyumbani kwake hapokei wateja. Huyu naye anaruhusiwa, ila anwani anaificha na badala yake anataja maeneo anayohudumia. Wa tatu ni yule asiyekutana na mteja kabisa. Huyo namshauri abaki na tovuti yake na matangazo, asijitafutie balaa.

Dada yetu hakuniuliza mapema. Alipoambiwa na shoga yake kwamba ramani inaleta wateja, aliona asijiweke Tabata. Nani anakuja Tabata kununua? Akaweka pini Kariakoo, kwenye fremu ya binamu yake anayeuza mapazia. Sehemu ya jina la biashara akaandika jina lake, halafu akaongeza: Duka la Vitu vya Watoto Bei Nafuu Kariakoo Dar es Salaam. Wasifu ukakaa wiki kama tatu, kisha ukasimamishwa. Akafanya kosa baya kuliko lile la kwanza: akafungua wasifu mwingine kwa namba nyingine ya simu. Nao ukaondolewa.

Tutazame hayo makosa, maana ndiyo ninayokutana nayo kila mara. Jina kwenye wasifu linatakiwa liwe lile linalotumika kwenye kibao, kwenye risiti, kwenye cheti cha BRELA. Ukiongeza maneno ya bidhaa na mtaa ambayo hayamo kwenye jina halisi, umevunja kanuni. Nakiri kwamba inauma, kwa sababu maneno hayo huwa yanasaidia kupanda, na utawaona washindani wanayatumia bila kuguswa. Lakini siku yeyote akiwaripoti, jina litarekebishwa au wasifu utasimamishwa. Anwani ya Kariakoo nayo ilikuwa uongo: muuza mapazia hauzi mabeseni ya watoto. Ni sawa na anayeweka sanduku la posta, au ofisi ya kukodi kwa jina tu ambayo hakuna mtu wake anayekaa humo. Na wasifu ukisimamishwa, dawa ni kurekebisha kosa kwanza, ndipo ukate rufaa kwa nyaraka: leseni ya biashara, cheti cha jina, bili ya umeme au maji yenye anwani ileile. Kufungua mwingine ni kama kuruka ukuta wa kituo cha polisi.

Tulipokaa chini kurekebisha, mjadala ulikuwa juu ya umbali. Google yenyewe inasema matokeo ya jirani yanapangwa kwa mambo matatu: jinsi biashara inavyolingana na kilichotafutwa, umbali wake kutoka kwa anayetafuta, na umaarufu wake. Mawili unaweza kuyafanyia kazi. Umbali huwezi. Duka la beseni liko Tabata, na mtu aliyesimama Mbagala akiandika "beseni la mtoto" ataletewa maduka ya Mbagala, hata wewe uwe na maoni mazuri kiasi gani.

Wengi hudhani wataukwepa umbali kwa kutaja maeneo mengi ya huduma. Google inakuruhusu kutaja mpaka 20, na inataka mpaka wake usizidi mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka unapoanzia. (Kwa foleni yetu ya jioni, saa mbili zinaweza kuishia Buguruni.) Lakini waliokaa miaka wakipima mambo haya wanakubaliana: orodha ya maeneo humwambia mteja unafika wapi, haikupandishi huko. Hata ukificha anwani, mahesabu yanaanzia pale ulipothibitishia. Ukitaja Kigamboni, Kimara na Tegeta huku unaishi Tabata, hujafika Kigamboni.

Dada akawa na njia mbili. Ya kwanza, afiche anwani, ataje Tabata, Segerea, Kinyerezi na Buguruni, ambako mdogo wake hupeleka mizigo kwa pikipiki. Ya pili, afungue chumba chake cha mbele, aweke kibao getini, na awe na saa za watu kuja kuchukua walichoagiza. Alichagua ya pili, nami niliiunga mkono. Mwenye anwani iliyofichwa hana kitufe cha mteja kuombea njia ya kufika, na baba anayetumwa pampas saa kumi na mbili jioni hataki kusubiri pikipiki. Anataka kujua ni wapi, aende. Kama wewe unaishi ghorofa ya tatu na mwenye nyumba hataki wageni, chukua ya kwanza, ina heshima yake.

Kibao kiligharimu fedha kidogo kuliko tangazo moja la kulipia alilokuwa anaweka kila mwezi. Kikaandikwa jina lilelile la cheti, bila nyongeza, na namba ileile ya simu iliyo kwenye tovuti na Instagram. Jambo hili la kulinganisha ni dogo lakini lina maana: jina, anwani na namba zikitofautiana kutoka sehemu moja hadi nyingine, mashine hazina uhakika kama ni duka moja au mawili, na wateja nao vilevile.

Anwani yenyewe ikatusumbua. Tangu operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi za Dar zina namba na mitaa ina vibao, lakini ramani ya Google haizijui zote. Ukiandika namba ya nyumba, pini inaweza kutua katikati ya barabara au kwa jirani. Hapo usiiamini, ikokote kwa kidole, tazama picha ya setilaiti, iweke juu ya paa lako, karibu na geti. Kisha bonyeza pini ile uone msimbo wake wa Plus Code: herufi na tarakimu chache, alama ya kujumlisha katikati, halafu jina la mji. Msimbo huo unataja mraba wa kama mita 14 kwa 14, na unafanya kazi hata pale ambapo mtaa hauna jina. Dada ameubandika kwenye ujumbe wake wa WhatsApp wa kuelekeza wateja. Maelekezo ya "ukifika kwenye mwembe piga simu" yamepungua.

Kisha uthibitisho. Zamani Google ilituma kadi ya posta yenye namba. Siku hizi mara nyingi inataka video. Watu hushindwa hapa kwa sababu wanapiga video ya tangazo, yenye muziki na maandishi. Inayotakiwa ni video moja isiyokatwa wala kuhaririwa, ya angalau sekunde 30, inayoonyesha mambo matatu: mahali, biashara, na kwamba wewe ndiye mwenye mamlaka. Dada alianzia barabarani, akaonyesha kibao cha mtaa na duka la dawa la jirani ambalo tayari lipo kwenye ramani. Akatembea mpaka getini, akaonyesha kibao chake. Akafungua kufuli kwa ufunguo wake mwenyewe huku simu ikirekodi, akaingia, akaonyesha rafu za pampas, mabeseni na vyandarua vya watoto, akamalizia kwenye leseni iliyotundikwa ukutani. Hakuonyesha sura za watu wala kitambulisho chake. Mapitio yanaweza kuchukua mpaka siku tano za kazi. Katika siku hizo usibadilishe jina wala anwani, vinginevyo unaweza kurudishwa mwanzo.

Sasa aina ya biashara. Hii ndiyo inayoamua utatokea kwenye utafutaji gani, na orodha yake ni ya Google, huwezi kujitungia. Unachagua aina moja kuu na nyingine mpaka tisa. Mpwa wake alikuwa ameweka aina ya duka la mtandaoni, kwa kuwa ndivyo walivyojiona. Lakini mama mwenye kichanga hatafuti duka la mtandaoni, anatafuta la watoto. Tukaweka aina kuu `Baby store`, na ya nguo za watoto ikafuata. Tukaacha hapo. Ukijaza zote kumi hujawa maduka kumi.

Upande wa maneno ya Kiswahili, aina hazitoshi. Watu wetu huandika "pampas", "nepi", "nguo za kichanga", "vitu vya mtoto mchanga", na wengine huchanganya na Kiingereza. Maneno hayo yaweke yanapostahili: kwenye orodha ya bidhaa ndani ya wasifu, kila moja na picha na bei, na kwenye ukurasa wa tovuti ambao wasifu unauelekea. Maelezo ya biashara yana nafasi ya herufi 750, yaandikie binadamu. Na kwenye sehemu ya tovuti weka tovuti yako. Kanuni haziupendi ukurasa wa mtandao wa kijamii uwekwe hapo. Instagram ina nafasi yake pembeni. Waliokuwa wanategemea zile tovuti za bure za Google zilizoishia na business.site, nadhani mmekwishajua kwamba zilifungwa mwaka 2024.

Nisimame kidogo kwenye saa, maana hili ni letu sisi wa Kiswahili. Dada anafungua saa tatu asubuhi na kufunga saa moja jioni. Akaandika 3:00 hadi 1:00. Simu haihesabu kutoka macheo kama sisi. Ramani ikatangaza kwamba duka linafunguliwa saa tisa usiku na kufungwa saa saba usiku, yaani mama huyu analala saa mbili tu. Hakugundua mpaka mtu alipogonga geti saa nne usiku akiwa na simu mkononi inayosema "Imefunguliwa". Iliyo sahihi ni 09:00 hadi 19:00. Kuna pia saa maalumu za siku maalumu: Idi, Krismasi, au Ramadhani kama unafunga mapema kwa futari. Ziweke. Mteja aliyekuja akakuta kufuli huwa anaandika maoni siku hiyohiyo.

Na maoni ndiyo sehemu kubwa ya ule umaarufu tuliousema. Kuyapata hakuna siri: omba. Wasifu una kiungo cha kuomba maoni. Dada amekichapa kama msimbo wa QR kwenye kadi ndogo inayowekwa ndani ya kila mfuko. Mdogo wake akifikisha mzigo hasemi "tupe nyota tano", anasema "dada, ukipata nafasi andika ulichonunua na kama kimefaa." Maoni yanayosema "nimeletewa chandarua Segerea jioni ileile" yanamweleza mteja mwingine kitu. "Nzuri sana" hayamwelezi.

Usitoe punguzo wala zawadi kwa maoni, kanuni zinakataza. Usiwaombe ndugu kumi waandike siku moja kutoka sebuleni kwako, maoni ya namna hiyo hutoweka, na wasifu unaweza kuadhibiwa. Dada alipata maoni ya nyota moja kutoka kwa mtu aliyepewa nepi za saizi isiyo yake. Alitaka kumjibu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Tukaandika sentensi tatu: pole, kosa ni letu, mdogo wangu ataleta saizi sahihi leo. Akaleta kweli. Yule mtu hakufuta maoni, lakini wanaosoma wanaona na jibu.

Tulijuaje kama kazi inazaa? Kwanza, usijitafute kwenye simu yako ukiwa nyumbani. Upo juu ya pini, lazima ujione. Tulipanda bajaji, tukasimama vituo vitano, na kila kituo tukaandika maneno matatu yaleyale. Karibu na nyumbani alikuwa ndani ya watatu wa kwanza. Segerea alitokea kwa "beseni la mtoto", hakutokea kwa "nguo za watoto", kwa kuwa huko maduka ya nguo ni mengi. Buguruni hakuonekana kabisa, mpaka ukiandika jina lake. Hiyo ndiyo ramani yake halisi, na ni ndogo kuliko aliyoiota. Kwa Buguruni bado analipia tangazo. Kwa Tabata ameacha.

Pili, wasifu una ukurasa wa utendaji unaoonyesha maneno waliyoandika watu, simu zilizopigwa, maombi ya njia na waliobonyeza tovuti. Anayeomba njia si lazima afike, na anayebonyeza simu si lazima anunue, hivyo namba hizo zisomeni kwa mwezi dhidi ya mwezi, si kama mauzo. Ili kuwatenga waliotoka kwenye ramani na waliotoka kwingine, kiungo cha tovuti kwenye wasifu kiwekewe mkia:

```
https://dukalako.example/tabata?utm_source=google&utm_medium=organic&utm_campaign=ramani
```

Programu ya kuhesabu wageni wa tovuti itawaweka fungu lao. Lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni daftari. Kila anayekuja getini anaulizwa, "Ulitupataje?" na jibu linaandikwa. Ni hapo dada alipogundua kwamba wanaume ndio wanaotumia ramani. Wake zao wanamjua kwa Instagram, wao wanatumwa.

Kuna ramani nyingine. Wenye simu za Apple huweza kuona ramani ya kampuni hiyo, ambayo mwaka 2023 ilifungua mlango wake wa wafanyabiashara kwa jina la Apple Business Connect. Na Microsoft ina Bing Places. Fungueni zote mbili mkimaliza ya kwanza, kwa jina na namba zilezile. Ipo pia OpenStreetMap, ambayo vijana wa Ramani Huria waliichora kwa miguu hapa Dar kuanzia 2015 kwa ajili ya mafuriko, na yeyote anaweza kuongeza duka lenye mlango wa kweli. Programu nyingi huchukua data humo.

La mwisho, wasifu haulindwi kwa kufuli. Mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko: kwamba umehama, saa zako si hizo, au umefunga kabisa. Mara nyingine ni mteja mwema, mara nyingine ni mshindani. Dada amejiwekea kuutazama kila Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua geti, na mara moja alikuta namba yake ya simu imebadilishwa tarakimu moja.

Nimeacha nafasi ya maswali. Aliyekuja na wasifu uliosimamishwa apite mbele kwanza, aje na leseni yake na bili ya umeme. Na kama katikati ya wiki ulifungua mwingine kwa namba ya mkeo, tuambie hapahapa, kabla hatujaanza kuandika rufaa.